Tukigawa asilimia kwa idadi ya shule, watoto tunawaacha wapi?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliacha utaratibu wake wa miaka mingi wa kutangaza shule bora na wanafunzi bora wa kidato cha nne. Wapo waliofurahi wakisema mashindano ya shule yamekwisha, na wapo waliolalamika kwamba wazazi wamenyimwa taarifa. Mimi naona pande zote mbili zilipitwa na jambo moja. Matokeo ya kila shule bado yako wazi kwenye tovuti ya Baraza, na mwenye simu anaweza kuyafungua akiwa kwenye daladala. Kilichobadilika ni kwamba kupanga na kulinganisha sasa kunafanywa na kila mtu: mratibu wa taaluma, diwani anayejiandaa kwa kikao, mwenye shule binafsi anayetafuta wanafunzi, hata mzazi mwenye muda wa jioni. Kila mmoja anatengeneza jedwali lake, na chini ya jedwali anaandika mstari mmoja mnene: wastani wa kata, wastani wa wilaya, wastani wa mkoa. Mstari huo ndio unaosomwa kwenye vikao na kusambazwa kwenye makundi ya simu, na mara nyingi sana si sahihi.

Si sahihi hata pale ambapo takwimu zote zilizo juu yake ni sahihi. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea kunakili. Kosa limo kwenye hatua ya mwisho, pale mtu anapochukua asilimia za shule, anazijumlisha, kisha anagawa kwa idadi ya shule. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo haitoi asilimia ya watoto wa kata, na haitoi hata makisio yake yanayoaminika. Asilimia ya kata hupatikana kwa kujumlisha watoto waliofikia kiwango katika shule zote, kisha kugawa kwa jumla ya watoto wote wenye matokeo. Hizi hesabu mbili hazikaribiani kama tunavyodhani, na katika mazingira ya shule zetu zina tabia ya kuachana kwa upande uleule kila mwaka.

Nianze na jinsi takwimu zenyewe zilivyo, kwa sababu ukiziona ndipo utaona jibu lilivyokuwa karibu. Ukifungua matokeo ya shule moja kwenye tovuti ya NECTA, chini ya orodha ya watahiniwa utakuta jedwali dogo la ufaulu wa kituo lenye safu zilizoandikwa `REGIST`, `ABSENT`, `SAT`, `WITHHELD`, `NO-CA`, `CLEAN`, halafu madaraja kuanzia `DIV I` hadi `DIV 0`. Yaani walioandikishwa, wasiofika, waliofanya, waliozuiliwa matokeo, wasio na alama za maendeleo, na waliobaki wenye matokeo kamili. Kila kisanduku kinabeba idadi ya watoto. Asilimia ni kitu anachokitengeneza msomaji mwenyewe, kwa mfano akijumlisha waliopata daraja la kwanza, la pili na la tatu, akagawa kwa idadi iliyo chini ya `CLEAN`. Baraza lenyewe linapotangaza ufaulu wa nchi hutaja watu kwanza. Kwa mtihani wa 2022, uliotangazwa siku hiyohiyo ambayo orodha ya shule bora ilikosekana, watahiniwa 456,975 walifaulu kati ya 520,558 wenye matokeo. Ukigawa unapata asilimia 87.79, na hiyo ndiyo asilimia iliyotangazwa. Hakuna aliyechukua asilimia za mikoa akazigawa kwa idadi ya mikoa.

Sasa tuchukue kata ya mfano. Nimeitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini mtu wa elimu ataitambua sura yake. Ina shule nne za sekondari. Ya kwanza ni seminari ya bweni yenye watahiniwa 40, na wote 40 wamepata daraja la kwanza hadi la tatu. Hiyo ni asilimia 100. Ya pili ni shule binafsi yenye watahiniwa 60, na 48 wamefikia kiwango hicho, asilimia 80. Ya tatu ni shule ya kata yenye watahiniwa 200, waliofikia ni 60, asilimia 30. Ya nne ni ile shule ya kata ya pale senta, iliyojaa mpaka madarasa yanagawanywa kwa herufi A hadi J. Watahiniwa 500, waliofikia 100, asilimia 20. Mwandaaji wa jedwali anajumlisha 100, 80, 30 na 20, anapata 230, anagawa kwa nne. Wastani wa kata: asilimia 57.5. Kikao kinapiga makofi, kwa sababu zaidi ya nusu ya watoto wa kata wamefaulu vizuri.

Hesabu sasa watoto. Waliofikia kiwango ni 40 na 48 na 60 na 100, jumla 248. Wenye matokeo ni 40 na 60 na 200 na 500, jumla 800. Gawa 248 kwa 800, unapata asilimia 31. Si zaidi ya nusu. Haifiki hata theluthi. Na kama kuna anayeona hizo ni njia mbili za kueleza jambo moja, amwulize mwandaaji swali hili: asilimia 57.5 ya watoto 800 ni watoto wangapi? Ni 460. Wako wapi? Majina yao yako kwenye ukurasa wa shule ipi? Ukizunguka shule zote nne na orodha mkononi utawapata 248 tu. Wale 212 wengine hawapo duniani. Wamezaliwa ndani ya fomula. Kipimo hiki cha kurudisha asilimia kwenye vichwa vya watu ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Asilimia ya kweli ikizidishwa kwa idadi ya wahusika lazima itue juu ya watu wanaoweza kuitwa majina. Isipotua, kuna hatua imeharibika.

Nini hasa kimetokea pale katikati? Unapogawa kwa nne umeipa kila shule robo ya sauti. Seminari yenye asilimia 5 tu ya watoto wa kata imepata robo. Shule ya senta yenye asilimia 62.5 ya watoto wote nayo imepata robo. Shusha mgao huo hadi kwa mtoto mmojammoja. Robo ya seminari imegawanywa kwa watoto 40, robo ya senta imegawanywa kwa watoto 500. Hii maana yake mtoto mmoja wa seminari amehesabiwa sawa na watoto kumi na wawili na nusu wa shule ya senta. Hakuna mkuu wa shule, afisa elimu wala mzazi ambaye angesimama kikaoni na kupendekeza jambo hilo kwa maneno. Lakini ndilo lililopitishwa, kimyakimya, mtu alipoburuta kipanya juu ya visanduku vinne vya asilimia.

Kwenye Excel tofauti ni mstari mmoja. Tuseme safu ya B ina wenye matokeo, safu ya C ina waliofikia kiwango, na safu ya D ina asilimia ya kila shule. Fomula ya kwanza hapa chini ndiyo inayoharibu. Ya pili ndiyo sahihi. Ya tatu inafika palepale pa ya pili kwa kuipa kila asilimia uzito wa idadi ya watoto wake:

```
=AVERAGE(D2:D5)
=SUM(C2:C5)/SUM(B2:B5)
=SUMPRODUCT(B2:B5,D2:D5)/SUM(B2:B5)
```

Visanduku vya safu ya D na vya majibu vikiwekwa kwenye muundo wa asilimia, ya kwanza itakupa 57.5%. Ya pili na ya tatu zitakupa 31%. Zinalingana kwa sababu asilimia 20 ya watoto 500 ni njia nyingine tu ya kusema watoto 100. Kuipa asilimia uzito ni kurudisha idadi iliyokuwa imetupwa.

Hapo ndipo ninapofikia utetezi unaosikika zaidi na ambao ni dhaifu kuliko wote. Watu husema: lakini asilimia yenyewe ilibuniwa ili kuondoa tofauti ya ukubwa. Shule ya watoto 40 na shule ya watoto 500 zote zimewekwa kwenye mia, kwa hiyo sasa ziko sawa, na vitu vilivyo sawa hujumlishwa. Nusu ya kwanza ya maneno haya ni kweli, na ndiyo inayoponza. Asilimia huondoa ukubwa ili tuweze kulinganisha: shule hii na ile, ipi imefanya vizuri zaidi kwa kila watoto mia. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Ila kuunganisha ni kazi nyingine, na kuunganisha kunahitaji kilekile kilichoondolewa. Ukitaka kujua kata nzima imefanyaje, ukubwa wa kila shule ni sehemu ya jibu, na ulishautupa ulipogawa. Ni kama mama lishe mwenye masufuria mawili, moja la lita mbili na jingine la lita ishirini. Anaweza kuonja kijiko kimoja kutoka kila sufuria na kusema hili lina chumvi nyingi kuliko lile. Lakini akiyamimina yote kwenye pipa moja, hawezi kukadiria ladha ya pipa kwa kuchukua katikati ya vile vijiko viwili. Pipa litakuwa na ladha ya sufuria kubwa.

Kama bado mtu ana shaka, kuna jaribio ambalo huwa linamaliza ubishi. Tuseme halmashauri, kwa sababu ya msongamano, inaigawa shule ya senta kuwa mbili, kila moja na watahiniwa 250, na kila moja ina watoto 50 waliofikia kiwango. Matokeo ni yaleyale: hakuna mtoto aliyepanda daraja, hakuna aliyeshuka. Asilimia ya kila shule mpya ni 20, kama ya mama yao. Sasa rudia ule wastani: 100, 80, 30, 20 na 20, jumla 250, gawa kwa tano. Umepata 50. Kata imeporomoka kutoka 57.5 hadi 50 kwa sababu ya kujenga uzio na kuweka kibao kipya getini. Ukihesabu watoto, bado ni 248 kwa 800, bado ni 31. Kipimo kinachobadilika wakati kinachopimwa hakijabadilika hakipimi kitu hicho. Na kugawa si jambo la kufikirika kwetu: shule hugawanywa, kata hugawanywa, mikoa hugawanywa. Songwe ilizaliwa 2016 kutoka Mbeya. Yeyote anayetoa wastani wa nchi kwa kugawa asilimia za mikoa kwa idadi ya mikoa alipata jibu jipya mwaka ule hata kama kila Mtanzania angebaki alivyokuwa.

Wapo wenye hoja iliyo imara zaidi, nao wanastahili kusikilizwa. Wanasema: sisi hatuulizi habari za watoto, tunauliza habari za shule. Mdhibiti ubora anayetaka kujua shule ya kawaida ya kata hii ikoje, au anayefuatilia utendaji wa wakuu wa shule, ana haki ya kuichukulia kila shule kama kitu kimoja, kubwa kwa ndogo. Nakubali. Wakuu wa shule wako wanne, na kila mmoja ni mmoja. Kwa swali hilo 57.5 ni jibu halali: ni wastani wa asilimia za shule nne. Tatizo ni kwamba takwimu hiyo haitamkwi hivyo. Inatamkwa “ufaulu wa kata ni asilimia 57.5”, na anayeisikia anaelewa watoto. Mwalimu anaelewa watoto, diwani anaelewa watoto, mwandishi wa habari anaandika “zaidi ya nusu ya wanafunzi”. Kama mtu anataka kusema habari za shule, aiandike kwa maneno yake kamili, “wastani wa asilimia za shule nne”, na kando yake aweke ya watoto. Hata hapo, nadhani kwa swali la shule ni heri kuonyesha zote nne. Nne si nyingi, na 57.5 haifanani na shule yoyote kati yake.

Wengine wanasema tofauti ni ndogo mno kusumbua watu. Wakati mwingine wana haki, na inafaa kujua ni lini. Kama shule zote zina idadi sawa ya watahiniwa, hesabu zote mbili hutoa jibu moja. Kama shule zote zina asilimia sawa, vilevile. Na kama ukubwa wa shule hauna uhusiano wowote na ufaulu wake, majibu yatakuwa karibu. Pengo hutokea pale ukubwa na asilimia vinapokwenda pamoja, ama kubwa zikiwa na asilimia za chini, ama kubwa zikiwa na asilimia za juu. Sasa tazama hali yetu. Seminari na shule nyingi binafsi huchuja wanaoingia na hufundisha watoto wachache. Shule ya kata hupokea kila aliyepangiwa, hata kama mwalimu wa hisabati ni mmoja kwa kidato kizima. Kwa hiyo kundi dogo mara nyingi huwa na asilimia ya juu na kundi kubwa huwa na asilimia ya chini. Ndiyo maana nilisema makosa haya yana upande. Hayapandi mwaka huu na kushuka mwaka kesho kama bahati nasibu. Yanapandisha sura ya kata karibu kila mara, na wanaofichwa nyuma ya sura hiyo ni walewale wa madarasa yaliyojaa.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote inatoka upande wa pili kabisa: kwamba jumla nayo hudanganya. Mfano wake maarufu ni wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, udahili wa shahada za juu wa 1973. Kwa jumla ya chuo kizima, wanaume walikubaliwa kiasi cha asilimia 44 na wanawake kiasi cha asilimia 35, na waombaji walikuwa maelfu, kwa hiyo haikuwa bahati mbaya. Ilionekana wazi kwamba wanawake wanabaguliwa. Watafiti watatu, Bickel, Hammel na O'Connell, wakaifungua jumla hiyo idara kwa idara, na kwenye makala yao ya 1975 wakaonyesha kwamba idara nyingi hazikuwa na upendeleo kwa wanaume. Zikiangaliwa pamoja kwa uangalifu, palikuwa na mwelekeo mdogo wa kuwafaa wanawake. Kilichotokea ni kwamba wanawake wengi waliomba kwenye idara zenye nafasi finyu, ambako wengi hukataliwa, wake kwa waume, na wanaume wengi waliomba kwenye idara zenye nafasi nyingi. Jumla ilichanganya mambo mawili: idara inavyowatendea waombaji, na waombaji walivyojigawa kwenye idara.

Je, hii inavunja hoja yangu? Naona inaiwekea mpaka, haiivunji. Jumla ya Berkeley haikusema uongo kuhusu watu: kweli, katika kila wanawake mia walioomba, kama 35 walikubaliwa. Ilikosea kwa sababu ilitumika kujibu swali la ziada, la nani anamtendea nani vibaya. Vivyo hivyo, ukilinganisha wilaya mbili, moja ikiwa na shule nyingi za bweni zinazochuja na nyingine ikiwa karibu yote ni shule za kutwa, jumla peke yake haikuambii ni walimu wa wilaya ipi wanafundisha vizuri zaidi. Hapo inabidi ulinganishe bweni na bweni, kutwa na kutwa. Ukitaka takwimu moja, chagua mgawanyo mmoja wa watoto, labda ule wa mkoa mzima, kisha uzipe asilimia za wilaya zote mbili uzito huohuo. Angalia vizuri dawa hii ni nini: bado ni kuhesabu watoto na kuzipa asilimia uzito kwa idadi yao, ila uzito umechaguliwa kwa makusudi na umeandikwa. Ule wastani wa kugawa kwa idadi ya shule nao unatumia uzito, uleule mmoja kwa kila shule, ila hakuna aliyeuchagua na hakuna aliyeuandika.

Kuna udhaifu mwingine wa jumla ambao lazima niutaje. Kujumlisha kunafaa tu kama kila shule imehesabu kitu kilekile. Shule moja ikigawa kwa walioandikishwa, nyingine kwa waliofanya, na nyingine kwa wenye matokeo kamili, ukizijumlisha umechanganya nazi na mbata. Kwenye shule kubwa wasiofika siku ya mtihani wanaweza kuwa wengi, na ukichagua safu ya `CLEAN` umewaondoa kwenye picha. Hilo ni chaguo halali, ndilo Baraza linalolitumia, lakini lisemwe. Fomula sahihi haimrudishi mtoto aliyeacha shule kidato cha tatu.

Kinachonisumbua zaidi si aibu ya takwimu mbovu kwenye ubao. Ni maamuzi yanayofuata. Turudi kwenye kata yetu. Mratibu ameambiwa mwakani wastani upande. Ana fedha na muda wa kambi moja ya masomo. Akiwapeleka walimu shule ya senta na watoto 30 zaidi wakafikia kiwango, asilimia ya shule hiyo inapanda kutoka 20 hadi 26, na wastani wake wa kata unapanda kwa pointi 1.5. Akiwapeleka shule binafsi na watoto watatu zaidi wakafikia kiwango, shule inapanda kutoka 80 hadi 85, na wastani wa kata unapanda kwa pointi 1.25. Watoto watatu wamelipa karibu sawa na watoto thelathini. Mtu yeyote mwenye akili timamu anayepimwa kwa kipimo hicho ataenda kwenye shule ndogo, kwa sababu kupata watoto watatu ni rahisi kuliko kupata thelathini. Kwa hesabu ya watoto, kazi ya senta ingepandisha kata kwa pointi 3.75, na ile nyingine kwa chini ya nusu pointi. Kipimo kimegeuza mahali pa kufanyia kazi.

Na kinaweza kufanya baya zaidi: kusherehekea mwaka ambao watoto wameanguka. Tuseme shule binafsi imepanda kutoka watoto 48 hadi 54, yaani asilimia 90, na shule ya senta imeshuka kutoka 100 hadi 75, yaani asilimia 15, nyingine mbili zikibaki palepale. Wastani wa kugawa kwa nne unapanda kutoka 57.5 hadi 58.75. Mshale wa kijani. Lakini waliofikia kiwango wamepungua kutoka 248 hadi 229. Watoto 19 wamepotea na ripoti inasema tumepiga hatua. Fikiria tena kwamba wastani huu wa kata unapelekwa wilayani, unachanganywa na wastani wa kata nyingine na kugawanywa kwa idadi ya kata, kisha wilaya zinagawanywa kwa idadi ya wilaya. Kwa kila ngazi mtoto wa shule iliyojaa anakatwa tena uzito, na takwimu inayofika juu haina njia ya kurudi chini, kwa sababu haikubeba watoto.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha tathmini cha kata moja, nikialikwa kama mzazi. Jedwali lilioneshwa ukutani kwa projekta, shule saba, safu moja tu ya asilimia. Nilipouliza idadi ya watahiniwa, mwandaaji alijibu kwa upole kwamba fomu waliyopewa haina sehemu ya idadi. Shule zinatuma asilimia peke yake. Sikumlaumu, na sikupata jibu. Mwalimu mmoja wa kike aliyekaa nyuma akafungua simu, akaingia kwenye ukurasa wa NECTA wa shule ya kwanza, akaanza kusoma kwa sauti takwimu za `CLEAN` huku mwenzake akiandika nyuma ya ratiba. Shule saba ziliwachukua kama dakika kumi. Mwenyekiti aliwasubiri. Waliposoma jumla, mkuu wa ile shule kubwa, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa kwa sababu shule yake ilikuwa mstari wa mwisho, aliomba kuongea. Alisema anaomba wajumbe waangalie safu ya idadi, kisha akauliza kama kata inaweza kuomba walimu wawili wa sayansi kwa sababu zaidi ya nusu ya watoto wote waliopo kwenye karatasi ile ni wa kwake.